Mtoto mfupi lakini mzima: achomwe homoni ya ukuaji?

MamaPacha: Kijana wangu ana miaka 13, urefu sentimita 138, mfupi kuliko wote darasani. Alipimwa homoni ya ukuaji mchana, ikaonekana karibu haipo. Tumeambiwa aanze sindano za kila siku. Ni haki kumchoma mtoto asiyeumwa?

Mwamba: Mzazi anayejali hasubiri. Akishabalehe mifupa inafunga, na mwanamume mfupi hudharauliwa maisha yake yote.

Sule158: Mwamba, futa kauli. Nina sentimita 158, nina familia, nani kanidharau?

DaktariMstaafu: Mama, kipimo hicho cha mchana hakikuambii kitu. Homoni hii hutoka kwa vipindi, zaidi usiku mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Katikati ya vipindi hivyo huweza kukosekana kabisa kwenye damu, hata kwa mtoto anayerefuka vizuri. Omba IGF-1, ambayo ini huitoa likichochewa na homoni hiyo, nayo haibadilikibadiliki ndani ya siku. Ila nayo hushuka mtoto asipokula vya kutosha. Aliongezeka kiasi gani mwaka jana? Amepigwa eksirei ya mkono?

MamaPacha: Sentimita 5. Eksirei inasema mifupa ni ya miaka 10 na nusu. Baba yake naye alichelewa, akarefuka akiwa sekondari.

DaktariMstaafu: Basi huyo analingana na umri wa mifupa yake. Mwenye upungufu wa kweli kasi yake hulegea, na wako anakwenda kawaida ya mtoto ambaye hajabalehe. Akifika 14 korodani hazijaanza kukua, mrudishe.

Mwamba: Kwa hiyo asubiri testosteroni ije imfungie mifupa?

DaktariMstaafu: Inayofunga ni estrojeni, hata kwa wavulana. Sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni mwilini. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuisikia estrojeni: alikuwa na sentimita 204 na bado anarefuka.

Mwamba: Homoni ya kike kwa watoto wetu wa kiume! Hayo kawaambie wengine.

Sule158: Umeshindwa kujibu la udhalilishaji, sasa umekimbilia estrojeni.

Neema_K: Jamani, mama kauliza sindano. Marekani waliziruhusu mwaka 2003 kwa watoto wafupi sana wasio na upungufu. Zinafanya kazi.

DaktariMstaafu: Zinafanya kiasi. Baada ya miaka kadhaa ya kuchoma kila siku, wastani ni kama sentimita 3 hadi 7 juu ya urefu ambao wangefikia. Na huyu ni wa kuchelewa tu, kwa hiyo sioni sababu.

Neema_K: Sentimita 5 kwako ni ndogo. Kwa anayesukumwa mlangoni kila asubuhi si ndogo. Mtoto mwenyewe ameulizwa?

MamaPacha: Nilimuuliza jana. Anazitaka.