Naomba ushauri: opsheni zinauzwa kwa 16, soko limetikisika 9. Niongeze mikataba?

MamaFaiza
Wakuu, habari zenu. Niko Marekani, akaunti yangu ina dola 40,000. Kila mwezi nauza puti mbili za SPY za siku 30. SPY sasa iko 600, na puti ya 570 inalipa kama dola 230 kwa mkataba. Nimepiga hesabu ya siku 20 zilizopita: mtikisiko halisi ni 9, opsheni zinauzwa kwa 16. Pengo hili ni kubwa, nataka kuuza nne. Dhamana inatosha. Mnaonaje?

Msukuma_wa_Chati
Uza, dada. Hii ni biashara ya bima, na mnunuzi wa bima kwa kawaida hulipa zaidi ya hasara inayokuja kutokea. Pengo likipanuka ndiyo mavuno yenyewe.

BwanaKitope
Kuhusu bima, Msukuma yuko sawa. Lakini dada, 9 ni ya siku zilizokwisha, 16 ni bei ya siku 30 zijazo. Angalia kalenda: kama kikao cha Fed kimo ndani yake, sehemu ya pengo ni malipo ya siku hiyo moja. Mimi huchukua mtikisiko wa siku 20 na wa mwaka mzima, kisha natumia ulio mkubwa.

Idadi ya mikataba usiipime kwa pengo, ipime kwa siku mbaya. Tarehe 5 Februari 2018 S&P 500 ilishuka 4.1%, VIX ikaruka kutoka 17.31 hadi 37.32. Ikitokea kesho, SPY, ambayo huifuata S&P 500, itakuwa kama 575 na puti yako itafika karibu dola 17. Hasara ni kama 1,500 kwa kila mkataba. Halafu kuna dhamana: kwa kanuni ya asilimia 20, leo unawekewa kama 9,200 kwa mkataba, siku hiyo kama 12,700. Minne itadai 50,800 wakati umebakiwa na 34,000 hivi. Broka anaweza kukufungia papo hapo, kwa bei ya hofu. Ukiwa na miwili, itadai 25,400 na una 37,000. Unabaki na uamuzi wako mwenyewe.

Juma_Tandale
Mimi niliuza puti za hisa moja, 60 dhidi ya 25, nikaona nimeokota pesa. Matokeo ya robo mwaka yalitoka usiku ule, asubuhi hisa ikafunguka chini ya bei niliyoahidi kununulia. Ile 25 haikuwa na siku ya matokeo hata moja.

MamaFaiza
Asante, Kitope. Wa mwaka umetoka 13, na kikao cha Fed kipo wiki ijayo. Nabaki na miwili. Na mtikisiko halisi ukipita bei ya opsheni, nisiuze kabisa?

BwanaKitope
Mimi hukaa pembeni.

Msukuma_wa_Chati
Mimi hapana. Baada ya kishindo, hesabu ya siku 20 hubaki juu hata soko likishatulia. Nauza mmoja, na nanunua puti ya chini yake ili hasara iwe na mwisho.