Taa au maiki? Nataka kurekodi video za utengenezaji kwa simu

Mama Siagi
Habari za jioni, wakuu. Nimetenga laki moja na ishirini kwa ajili ya video. Kila siku wateja wananiuliza "umechanganya na nini humo?", kwa hiyo nataka waone kwa macho yao ninavyotengeneza. Ninunue taa ya duara na stendi yake, au maiki isiyo na waya? Vyote viwili pesa haitoshi.

Mzee wa Tabata
Bidhaa gani, dada? Unatengenezea wapi, saa ngapi? Hujasema kitu hapo.

Side Taa
Chukua taa. Mimi ninayo, hata usiku picha inatoka safi.

Mama Siagi
Samahanini. Ni siagi ya karanga. Natengenezea jikoni kwangu Mbagala usiku, nikishatoka kazini. Nauza WhatsApp na TikTok.

Fundi Picha
Dada, usinunue kimojawapo kwanza. Taa ya duara ukiielekeza kwenye sufuria au chupa ya kioo, duara lenyewe linajichora juu ya bidhaa, na siagi yenye mafuta ndiyo inazidi kuakisi. Maiki nayo, mashine ikianza kusaga itabeba ule muungurumo tu. Rekodi picha kwanza, halafu sauti uiweke baadaye ukiwa chumbani penye nguo na godoro, pasipo mwangwi. Nunua stendi yenye mkono wa kushika simu juu ya meza. Siku moja ya wikendi tengeneza asubuhi karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni. Ukilazimika usiku na ukaona michirizi ya giza ikipita kwenye picha, ni taa ya ukutani hiyo. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi kama simu yako ina `Pro` kwenye video, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. Na futa lenzi kila mara, maana mvuke na mafuta ya kukaangia vinaifanya iwe na ukungu.

Side Taa
Sawa, ila asikatekate. Video ikikatwa watu wanajua kuna kitu kimefichwa.

Fundi Picha
Hakuna atakayekaa dakika arobaini kuangalia karanga zikikaangwa. Kata katikati ya hatua, lakini sehemu mbili ziache bila kukata: unapochambua karanga mbovu, na kuanzia unapomimina karanga kwenye mashine hadi siagi inapoingia chupani. Hapo ndipo mteja anapowaza kuwa umeongeza unga au mafuta mengine.

Bi Viungo
Mimi yalinikuta mwaka juzi. Nilirekodi iliki na mdalasini vikikauka kwenye turubai uani, jua zuri, rangi zimekolea, nikafurahi nikarusha bila kuangalia mara ya pili. Kumbe pembeni kule kuku wa jirani amepita, amekanyaga ukingo wa turubai, sekunde mbili tu. Mteja mmoja akapiga picha ya pale pale akaipeleka kwenye kundi la akina mama. Oda tisa za pilau masala zilirudi wiki ile. Nilieleza kwamba sehemu ile huwa naitoa, hakuna aliyesikia. Sasa nakausha juu ya kichanja chenye wavu, na kila video naiangalia kingo zote nne kabla ya kuituma.

Mzee wa Tabata
Pole sana. Lakini hapo tatizo si video, ni kuku.

Bi Viungo
Ni kweli, na ndiyo maana nikajenga kichanja.

Msambazaji wa Kibaha
Nauliza bei ya chupa ya nusu kilo kwa jumla?

Dada Maabara
Mama Siagi, onyesha unavyochambua, ila usiandike "haina sumukuvu". Kuondoa zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi kunapunguza, lakini sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, na kukaanga hakuimalizi. Hilo ni jibu la kipimo. Una alama ya TBS?

Mama Siagi
Bado, nimeanza kufuatilia kupitia SIDO. Nisirekodi hadi niipate?

Side Taa
Rekodi, mbona wengi wanarekodi.

Dada Maabara
Wengi wakifanya haiwi sahihi. Mimi ningesubiri.

Fundi Picha
Video moja nakuomba uifanye hata wiki hii. Acha chupa itulie siku kadhaa hadi mafuta yapande juu. Rekodi kwa karibu ukiyachanganya na kijiko hadi yarudi kuwa laini. Wateja wengi wakiona yale mafuta wanadhani imeharibika au umeongeza mafuta ya kula.

Mama Siagi
Jamani! Wiki iliyopita wawili wamenirudishia kwa sababu hiyo hiyo. Nina chupa kabatini tangu Jumatatu, mafuta yamefika unene wa kidole. Jumamosi asubuhi naiweka dirishani.

Mzee wa Tabata
Hiyo mashine yako ya kusaga ni ya aina gani? Yangu inachemka sana.