Mwenzangu ametoka kwenye Sarl, nataka kubadilisha jina kwenye RCCM ya Lubumbashi. Naanzia wapi?

Fundi_Kenya

Jambo zenu wote. Tuna Sarl ya watu wawili hapa Lubumbashi, tunatengeneza mota za umeme na pampu za makampuni ya migodi. Hisa ni 100. Mimi nina 60, mwenzangu ana 40, na sote wawili tumeandikwa kama majeran. Jina la kampuni limeunganishwa kutoka majina yetu mawili ya ukoo.

Tumeachana kwa amani. Yeye amehamia Kolwezi, amechukua pikapu moja na mashine ya kuviringishia waya. Tuliandika karatasi ya kuachana mbele ya mashahidi, inasema kwamba "ametoka katika kampuni na ameridhika". Baada ya hapo nikatengenezesha kashe na faktire zenye jina jipya. Sasa mteja mmoja amerudisha faktire, anasema jina halilingani na lile la kontra wala la RCCM.

Je, ni lazima nifungue kampuni mpya? Na kwa kuwa nina hisa nyingi kuliko yeye, naweza kuamua jina peke yangu?

Kijana_Ruashi

Ndugu, usijitese. Fungua Sarl mpya pale GUCE, mambo ya kufungua yanaenda haraka kuliko ya kubadilisha. Ile ya zamani iache ilale. Kama hutaki hivyo, andika prose-verbali, weka saini yako, peleka. 60 kwa 100 ndiyo wingi, hakuna wa kukupinga.

Mama_Makomeno

Kijana, kufungua kampuni mpya kweli ni haraka, lakini angalia anachopoteza. Kampuni mpya ni mtu mwingine mbele ya sheria. Inapata namba nyingine ya RCCM, namba nyingine ya kodi, na haina kontra hata moja. Kontra zake zote za mgodi, pesa anazodai na cheti chake cha ARSP vinabaki kwenye ile "iliyolala". Na iliyolala inaendelea kudaiwa deklarasio za kodi na za CNSS kila kipindi, hata kama haifanyi kazi, mpaka ifutwe rasmi. Kubadilisha jina ni kuongeza maandishi tu kwenye faili ileile. Namba ya RCCM haibadiliki, madeni na haki vinaendelea kama vilivyokuwa.

Kuhusu 60, hapana. Jina liko ndani ya statuti, kwa hiyo kulibadilisha ni kubadilisha statuti, na kwa Sarl sheria ya OHADA inadai robo tatu za kapitali. Hiyo ni hisa 75. Fundi Kenya, hapo ulipo leo huna. Ukipeleka prose-verbali yenye saini ya mwenye 60 peke yake, aidha notere anakurudisha, aidha inapita halafu siku mkigombana mwenzako anaiangusha mahakamani.

Ndiyo maana hatua yako ya kwanza si jina, ni hisa. Karatasi yenu inasema "ametoka", lakini haisemi hisa 40 zimekwenda kwa nani. Kwa RCCM bado ni zake, na bado ni jeran. Kesho akitia saini kontra huko Kolwezi kwa jina la kampuni, mteja ambaye hajui kuachana kwenu ana haki ya kumwamini, kwa sababu jambo ambalo halijaandikwa kwenye RCCM huwezi kumpinga nalo mtu wa nje.

Andikeni hati ya kuuziana hisa: yeye anauza 40, wewe unanunua, bei ni kiasi fulani, imelipwa kwa njia fulani. Someni kwanza statuti zenu, kwa sababu kati ya ma-asosie kuuziana ni huru isipokuwa statuti zimeweka sharti. Nakala moja ya asili iwekwe kwenye makao ya kampuni, na jeran atoe karatasi ya kuthibitisha kwamba ameipokea. Bila hilo, au bila kupitia kwa hisie au hati ya notere, kampuni yenyewe haitambui uuzaji. Baada ya hapo una hisa zote 100. Unakuwa asosie pekee, Sarl inaruhusiwa kuwa na mtu mmoja, na jina jipya unaliamua kwa saini yako bila kumwita mtu kwenye mkutano. Mkitaka kufanya kinyume, jina kwanza na hisa baadaye, itabidi umwite kwa barua angalau siku 15 kabla ya mkutano na kura yake utaihitaji. Naona haina faida.

Yaya_wa_Katuba

Mimi kwangu walikataa kabisa. Tulikuwa wawili kwenye depo ya sementi, jina letu liko kwenye kibao, nikaenda kubadilisha nikaambiwa sina haki hata ya kuomba. Kwa hiyo Fundi ujitayarishe, hawa watu hawasikii.

Mama_Makomeno

Yaya, angalia namba ya RCCM ya depo. Kama katikati kuna herufi A, hiyo ni etablisma ya mtu mmoja, na mtu huyo bila shaka ni mwenzako. Jina la kibao ni lake yeye kuandika au kufuta. Ya Fundi ina herufi B, ni kampuni. Haimaanishi huna haki yoyote: watu wawili walioweka pesa na kugawana faida bila kuandikisha kampuni, OHADA inawatazama kama sosiete iliyoundwa kwa matendo, na unaweza kudai fungu lako tribinali. Lakini hilo si jambo la dirisha la RCCM. Fungua uzi wako, tutakujibu huko.

Fundi_Kenya

Aksanti sana mama. Bei ya hisa tuseme ni ile pikapu na mashine, si ndiyo? Tayari anavyo.

Mhasibu_Golfu

Hapo ngoja kwanza. Pikapu ilikuwa yako au ya kampuni? Angalia karti roze. Kama ni ya kampuni, basi kampuni ndiyo imetoa gari, wakati anayenunua hisa ni wewe. Umelipa deni lako binafsi kwa mali ya kampuni. Usifikiri utaandika tu kwamba kampuni "imekukopesha": sheria ya OHADA inakataza jeran au asosie ambaye ni mtu kukopa kutoka Sarl yake, na mkopo huo hauna nguvu.

Njia safi ni hii. Tuseme mnakubaliana kwamba pikapu na mashine vina thamani ya dola 8,000, na hisa 40 pia mnazihesabu 8,000. Kampuni inamuuzia mwenzako vitu hivyo kwa faktire, ikiwa na TVA pale inapodaiwa, na vitu vinatolewa kwenye orodha ya mali. Wewe unamlipa 8,000 ya hisa kutoka mfuko wako, kwa banki ili ushahidi ubaki. Yeye anailipa kampuni ile faktire. Pesa inazunguka na kurudi kwenye kampuni, lakini kila karatasi inasema ukweli. TVA ikiongezeka juu, mpatane mapema nani anaibeba, hapo ndipo watu huanza kununiana upya. Na karti roze ihamishwe, la sivyo ajali ya Kolwezi itatafuta kampuni yako Lubumbashi.

Klarki_wa_Notere

Naongezea upande wa karatasi, kwa sababu faili nyingi zinakwama kwa jambo dogo. Kabla ya kuandika uamuzi wa asosie pekee, nenda GUCE uhakikishe jina jipya liko huru. Peleka majina mawili au matatu kwa mpangilio wa upendeleo. Kampuni hairuhusiwi kuchukua jina la kampuni nyingine iliyokwisha kuandikishwa, na kuongeza "Servisi" au "Grupu" mwishoni mwa jina la mwingine hakukuokoi. Wengi wanapitisha uamuzi kwa notere, wanalipa, halafu jina linakataliwa. Uamuzi ule unakuwa karatasi bure, unalipa tena.

Jina likikubaliwa, andika uamuzi mmoja wenye mambo manne: kutambua uuzaji wa hisa 40, kupokea kujiuzulu kwa jeran wa pili, kubadilisha jina, na kurekebisha vifungu vya statuti vinavyohusika. Vifungu hivyo si cha jina peke yake, kile cha kapitali pia kinataja nani ana hisa ngapi. Nimeona statuti "mpya" ambazo kifungu cha jina kimebadilika na cha kapitali bado kina watu wawili, ikarudishwa. Uamuzi unapita kwa notere, kisha GUCE pamoja na statuti zilizorekebishwa zote, hati ya hisa, barua ya kujiuzulu, vitambulisho na RCCM ya zamani. Una siku 30 za kuomba marekebisho tangu tarehe ya uamuzi, kwa hiyo usiandike tarehe ya zamani ili ilingane na ile karatasi ya kuachana. Utakuwa umejichelewesha mwenyewe.

Mwenzako akiwa Kolwezi si lazima aje. Atoe prokirasio ya notere inayotaja hisa 40, bei, na kujiuzulu ujeran. Prokirasio ya jumla "kwa mambo yote ya kampuni" huleta maswali.

Kijana_Ruashi

Nimeelewa kuhusu robo tatu. Lakini je, analazimika kubadilisha jina? Nilisikia jina la asosie wa zamani linaweza kubaki.

Klarki_wa_Notere

Linaweza, OHADA inakubali jina la kampuni libebe jina la asosie au la asosie wa zamani. Ndiyo maana kwenye hati ya hisa waandike wazi kama limebaki au linaondoka, na mpaka lini. Wasipoandika, mwenye ukoo anaweza kudai baadaye, na mawakili wenyewe hawakubaliani atashinda kwa kiasi gani.

Fundi_Kenya

Na banki? Wengine wananiambia nifungue konti mpya.

Mhasibu_Golfu

Mimi ningebaki na konti ileile. Kampuni ni ileile, peleka RCCM mpya na uamuzi, wabadilishe jina na waondoe saini ya mwenzako.

Mama_Makomeno

Kwa sheria ni hivyo, ila kuna banki zinazong'ang'ania konti mpya. Uliza kabla, kwa sababu namba ya konti ikibadilika itabidi mgodi uibadilishe pia. Na kama mwenzako aliwahi kutia saini kama mdhamini wa mkopo, kutoka kwenye kampuni hakumwondoi kwenye udhamini. Huo banki ndiyo inayouachia, kwa maandishi.

Mfuatano baada ya RCCM: kwanza DGI, ili jina chini ya namba yako ya kodi lilingane na faktire, halafu Id. Nat., CNSS, ARSP, kisha wateja. Kwa mgodi omba avena fupi ya kontra inayosema kampuni ni ileile, namba ya RCCM ileile, jina ni jipya. Wengine watatosheka na barua, lakini idara ya malipo hupenda avena.

Fundi_Kenya

Zile faktire zilizorudishwa nifanyeje? Kazi imekwisha fanyika.

Mhasibu_Golfu

Zifute kwa nota ya kredi na utoe nyingine kwa jina la zamani, lile ambalo bado liko kwenye RCCM leo, na kashe ya zamani. Ile kashe mpya iweke kwenye droo mpaka cheti cha mabadiliko kitoke.

Fundi_Kenya

Sawa. Kesho naanza na karti roze na ile hati ya hisa. Nikishapata jibu la GUCE kuhusu jina nitaandika hapa.