Stoo imepungua milioni 1 kwa karatasi, bosi anataka kukata mshahara. Nisaidieni kusoma tofauti hizi

Mama_Stoo:
Habari wakuu. Natunza stoo ya duka la jumla. Jumamosi tulihesabu, nikalinganisha karatasi ya hesabu na mfumo. Bidhaa nyingi zimekubali ila nne zimegoma. Nimeweka bei ya kununulia:

Mafuta dumu la lita 5: mfumo 84, tumehesabu 90. Zimezidi 6 kwa 24,000, yaani +144,000.
Mafuta dumu la lita 10: mfumo 40, tumehesabu 34. Pungufu 6 kwa 46,000, yaani -276,000.
Soda za kopo: mfumo 487, karatasi 19. Pungufu 468 kwa 1,000, yaani -468,000.
Sukari mfuko wa kilo 25: mfumo 62, tumehesabu 56. Pungufu 6 kwa 68,000, yaani -408,000.

Jumla -1,008,000. Bosi kaona namba hiyo tu, anasema nitalipa. Nianzie wapi kumweleza?

Kijana_wa_Mjini:
Dada, rekebisha mfumo ufanane na karatasi, uanze upya. Sisi ndivyo tunavyofanya kila mwezi. Mafuta usijisumbue, 6 zimezidi na 6 zimepungua, ngoma droo.

Mzee_wa_Leja:
Usiguse mfumo kwanza. Ukirekebisha leo umeshakubali kwamba mali imepotea, na ushahidi unaufuta kwa mkono wako.

Anza na soda, maana 19 ile inanuka. Kopo huja 24 kwenye katoni. 19 mara 24 ni 456. Aliyehesabu aliandika katoni, mfumo wako unahesabu kopo. Rudi stoo uangalie kama kuna katoni iliyofunguliwa ambayo hakuiandika.

Na kijana, mafuta si droo. Kwa idadi ni sifuri, kwa fedha ni hasara ya 132,000, kwa sababu dumu lililopungua lina bei kubwa kuliko lililozidi. Idadi sawa, moja juu na nyingine chini, kwenye bidhaa zinazofanana: mara nyingi keshia amegonga ndogo akatoa kubwa. Lakini hesabu tena madumu kwanza, huenda mliyachanganya rafuni. Yakibaki vilevile, tafuta risiti za lita 5.

Duka_la_Dawa:
Kwangu tatizo ni dawa zilizokwisha muda. Zipo rafuni, kwenye mfumo zipo, lakini haziuziki. Wewe umezihesabu au umezitenga?

Mzee_wa_Leja:
Hiyo ni kesi nyingine, kaka. Kwake idadi ndiyo haikubali. Mama_Stoo, sukari mlihesabu saa ngapi, na namba za mfumo ulizichapa saa ngapi? Duka lilikuwa wazi?

Mama_Stoo:
Duka lilikuwa wazi. Nilichapa saa mbili asubuhi, sukari tukaifikia saa nane mchana.

Nimerudi stoo. Soda: katoni 19 kamili, na nyuma ya mlango katoni iliyofunguliwa ina kopo 14. Jumla 470. Upungufu wa kweli ni 17, yaani 17,000 tu.

Sukari: kati ya saa mbili na saa nane kuna risiti za mifuko 4. Kwa hiyo nilitakiwa kukuta 58, nimekuta 56.

Mafuta: madumu yamebaki 90 na 34. Nimekuta risiti moja ya Alhamisi, lita 5, madumu 6, ya mama ntilie ambaye siku zote huchukua lita 10.

Mzee_wa_Leja:
Umefanya kazi nzuri. Sasa angalia fedha za Alhamisi. Kama droo ya keshia ililingana na risiti, mama huyo alilipa bei ya lita 5 akaondoka na lita 10, na hasara ni ya kweli. Kama siku hiyo fedha zilizidi, alilipa sawasawa, kilichokosewa ni kugonga tu.

Binti_Mhasibu:
Mimi ningetumia bei ya kuuzia, maana bosi amekosa mauzo.

Mzee_wa_Leja:
Kumdai mteja tofauti, sawa, tumia bei ya kuuzia. Ila kwenye stoo mali imekaa kwa bei ya kununulia, ukichanganya utaongeza hasara ambayo vitabu havina.

Na kuhusu mshahara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni, akupe nafasi ya kupinga, na lazima kosa liwe lako. Makato hayapiti robo ya mshahara.

Mama_Stoo:
Droo ya Alhamisi ililingana. Basi nampelekea hivi: mafuta -132,000, soda -17,000, sukari -136,000. Jumla -285,000 badala ya 1,008,000. Mama ntilie nitamfuata kesho. Mifuko miwili ya sukari ndiyo sina jibu. Nimeangalia hati za mapokezi za mwezi mzima, zote zina saini yangu, na siku mbili nilisaini lori likiwa bado linashushwa.

Kijana_wa_Mjini:
Hapo sasa dada, hizo siku mbili ungezificha.

Mama_Stoo:
Haiwezekani, nakala anayo dereva.