Tupeane uzoefu: umewahi kuijua oili feki kwa picha tu, kabla hujalipa?

Mkazi wa Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Mwanza, oili ya gari naagiza Kariakoo. Muuzaji ananitumia picha, nalipa, mzigo unapanda basi. Mwaka jana nilipigwa. Fundi alipozungusha kifuniko, kilitoka pamoja na pete yake nzima, bila ule mlio wa kukatika. Nikarudi kwenye picha za muuzaji, na kumbe jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza: upande mmoja pete imegusana na kifuniko, upande wa pili kuna mwanya wa kupitisha ukucha.

Sasa nataka katoni moja, madumu manne ya lita nne. Muuzaji ni mwingine na picha ninazo. Nani amewahi kushtuka kwa picha, na alishtushwa na nini?

Kitonga
Hii mbona rahisi. Mwambie afungue dumu moja apige picha ndani ya mdomo. Kama hakuna ile foili ya fedha, feki. Halafu soma namba za bechi. Zikifanana kwenye madumu yote, ujue kuna mtu amegonga muhuri mmoja chumbani kwake. Mimi hivyo viwili vinanitosha.

Noah ya Familia
Samahani, naomba kuuliza hapa hapa. Noah yangu ina kilomita laki mbili na inapunguza oili. Niendelee na 5W-30 au nihamie 20W-50?

Fundi wa Mtaa
Noah, fungua uzi wako, tutakuja.

Mimi niseme ukweli ambao mafundi wenzangu hawataupenda. Gereji tunauza madumu matupu. Kuna kijana anapita na kiroba kila wiki. Zamani alichukua chochote, watu wanawekea mafuta ya taa na sabuni ya maji. Siku hizi anachagua. Dumu lenye lebo iliyochanika halitaki, lililochubuka halitaki, na kifuniko anakitaka pamoja na pete. Siku moja nilimwona anaivua pete bila kuikata, ameinamisha mdomo wa dumu kwenye maji ya moto. Tangu siku hiyo nayatoboa kabla ya kuyatupa. Kwa hiyo mnaposema tuangalie plastiki na lebo, mjue dumu linaweza kuwa la kampuni kabisa, na lebo ya kampuni. Kilichomo ndiyo kimebadilika.

Mkazi wa Nyegezi
Duh. Basi lile langu la mwaka jana litakuwa hilo, maana lebo ilikuwa safi kabisa.

Miaka Tisa Mtamboni
Fundi amesema jambo zito, naomba niliendeleze. Nilikuwa kwenye mtambo wa kujaza vilainishi miaka tisa.

Kitonga, kuhusu foili umepatia nusu. Ziko chapa zinazoweka foili, ziko ambazo haziweki, na chapa moja inaweza kuiweka kwenye kiwanda kimoja na kuiacha kwenye kingine. Foili ikikosekana mahali ambapo siku zote ilikuwepo, hapo uliza. Kwenye bechi ndiyo umegeuza mambo. Madumu ya katoni moja yanatoka kwenye mashine yakifuatana kwa sekunde, kwa hiyo bechi ni moja, tarehe ni moja, na kama kuna saa, dakika zitafanana au kupishana kidogo. Ukiona katoni moja ina bechi tatu, tena miezi tofauti, hayo madumu yameokotwa gereji tofauti. Linganisha pia na namba ya ubavuni mwa katoni.

Kwenye pete, omba picha ya usawa wa macho, simu isiinuliwe juu, na apige pande zote nne bila flashi, karibu na dirisha. Kati ya kifuniko na pete kuna vijino vidogo vinavyovishika pamoja. Pete iliyovuliwa kwa moto na kurudishwa imetanuka, inalala upande. Mara nyingi plastiki inabaki na michirizi myeupe pale ilipovutwa, na kwenye kifuniko cheusi au chekundu michirizi hiyo inaonekana hata kwa simu ya kawaida.

Mchapaji wa Gerezani
Mimi ni wa lebo, na nianze na aibu yangu. Shemeji alinitumia picha ya dumu wasapu, nikaona herufi zina kivuli cha rangi pembeni. Nikamwambia feki, rangi hazijakaa juu ya nyenzake. Akarudisha dukani, wakagombana. Baadaye nikalishika lile dumu mkononi: herufi kali kabisa, hata zile ndogo za nyuma. Kivuli kilikuwa cha wasapu, maana inaikamua picha. Tangu hapo nasema nitumie kama dokumenti, la sivyo sisemi kitu.

Ukipata picha nzima, usihangaike na rangi kuhama kidogo. Hata mashine nzuri inahama katikati ya kazi, na lebo hizo zinapita. Kuza ile sehemu ya rangi moja iliyojaa, kwa kawaida alama ya kampuni. Wenye chapa mara nyingi wanachapa rangi hiyo kwa wino wake maalumu, inakaa bapa kama rangi ya ukutani. Aliyeskani lebo ya mwenzake anaitengeneza kwa vidoti vya rangi nne, na ukikuza unaviona. Ila kwa dumu la Fundi, lililojazwa upya, utaalamu wangu hausaidii kitu.

Mkazi wa Nyegezi
Nimezipata kama dokumenti. Pete zimenyooka pande zote. Bechi ni moja kwenye madumu yote manne na kwenye katoni, mwaka 2024. Kwenye kitako kuna duara kama saa ndogo, katikati imeandikwa 21, mshale unaelekea 8. Hiyo ni nini?

Miaka Tisa Mtamboni
Hapo umenifanya nikae vizuri. Hiyo ni saa ya kalibu, inaonyesha mwezi na mwaka dumu lenyewe lilipofinyangwa: Agosti 2021. Madumu matupu yanakula nafasi, kwa hiyo viwanda haviyaweki sana. Kwetu yalikaa wiki, yakizidi sana miezi. Dumu la 2021 kujazwa 2024 linanitia shaka. Kosa la wazi lingekuwa kinyume chake, dumu kuzaliwa baada ya oili iliyomo. Lakini nimeshaona kalibu ambazo mafundi walisahau kubadilisha saa miaka miwili. Vitako vya hayo mengine vinasemaje?

Mkazi wa Nyegezi
Vitatu vinasema 21, mwezi wa 8. Kimoja kinasema 23, mwezi wa 11.

Kitonga
Sasa si nilisema feki!

Miaka Tisa Mtamboni
Ulisema kwa sababu nyingine, mdogo wangu. Kalibu moja huwa na vyumba kadhaa, na mtu anaweza kubadilisha saa ya chumba kimoja akasahau vingine. Sitaapa. Nyegezi, mwombe picha ya eneo la bechi, tochi imulike kutoka ubavuni. Anayejaza upya hufuta namba ya zamani kwa tina kisha anachapa yake, na pale alipofuta plastiki inang'aa tofauti, wakati mwingine kuna mabaki ya vidoti vya wino chini ya maandishi mapya. Kama namba imechomwa kwa leza haifutiki, ataikwangua, na mkwaruzo utauona.

Fundi wa Mtaa
Na kama unaweza kumpata mtu wa Dar, aende na mizani. Lita nne za oili ni kama kilo tatu na nusu, ongeza uzito wa dumu. Wa mtaani wanapunja.

Mkazi wa Nyegezi
Nimeomba picha ya tochi tangu saa nane mchana. Anasema duka limejaa wateja, atapiga kesho. Pesa bado ninayo.

Noah ya Familia
Hayo madumu ni 5W-30 au 20W-50?