Tupeane uzoefu: mshale mwekundu na mshale mweusi kwenye duara, unamwelezaje dereva mpya?

FundiGia (aliyeanzisha)
Wakuu, mwanafunzi mwenye lena amenitumia picha ya alama iliyo kabla ya daraja jembamba. Ni duara lenye ukingo mwekundu, ndani jeupe. Kuna mishale miwili: wa kushoto mwekundu, mdogo, unaelekea juu, wa kulia mweusi, mkubwa, unaelekea chini. Yeye kasoma "barabara ya njia mbili, endelea". Nataka wanaofundisha waseme wanavyolieleza hili kwa umbo na rangi, bila kumkaririsha mtu kitabu kizima.

Bibi Klachi
Mwanafunzi wako kaanzia katikati, ndiyo maana kapotea. Mimi huwa nawaziba mchoro. Weka kidole gumba juu ya ile mishale kwenye simu, kisha muulize kilichobaki ni nini. Kimebaki duara lenye ukingo mwekundu. Duara ni amri, si habari. Ukingo mwekundu ni amri ya kukubana: usifanye, au usizidishe. Lingekuwa duara la bluu lingekuwa amri ya kukutaka ufanye, mfano pita kushoto tu. Kwa hiyo kabla hajaona mshale hata mmoja, ameshajua kuna jambo anazuiwa hapo. Jibu la "endelea" limeshakufa.

Sasa toa kidole. Kwenye mchoro wa namna hii, mshale wa kwenda juu ni wewe unayeitazama alama, na wa kushuka ni anayekuja mbele yako. Mwekundu ndiye anayesubiri. Wewe ni mwekundu, basi mpishe anayekuja.

Kobe wa Segera
Rahisi tu: nyekundu ni marufuku. Mshale wa kwenda juu ni mwekundu, maana yake hairuhusiwi kwenda mbele. Geuza gari.

Bibi Klachi
Nusu umepata, Kobe. Ni kweli nyekundu inakuzuia, lakini ni kwa muda wa yule aliye mbele. Barabara ya kutoingia kabisa ina alama yake: duara jekundu tupu lenye mstari mweupe uliolala katikati. Hii ya mishale haisemi hata "simama". Daraja likiwa tupu na ng'ambo hakuna anayekuja, unapita bila kusimamisha tairi. Ile ya pande nane ya SIMAMA ndiyo inayotaka tairi zisimame hata kama hakuna mtu.

DerevaMstaafu
Naongezea kitu ambacho wengi wanaruka. Chora mishale ile ile miwili kwenye maumbo matatu, umuulize mwanafunzi tofauti.

Kwenye pembetatu yenye ncha juu, mishale yote miwili huwa myeusi. Ni onyo: mbele magari yanakuja pande zote, hujapewa wala kunyimwa zamu. Kwenye duara jekundu, ni hii yetu: pisha. Kwenye ubao wa pembe nne wa bluu, mshale wako ni mweupe na mkubwa, na wa mwenzako ndio mwekundu: zamu ni yako. Mwanafunzi wa FundiGia kaliona duara akalisoma kama pembetatu. Ni kosa moja tu, ila ndilo linalowakutanisha watu na Fuso katikati ya daraja.

Angalia pia kwamba kwenye duara na kwenye ubao wa bluu sheria ya mshale haibadiliki: mwekundu anasubiri. Akishika hilo, hata rangi ya ubao ikimtoka kichwani bado atakuwa salama.

mama_vitz
Samahani, mimi picha yangu ni ya mgongo wa alama, kibati cha kijivu tu chenye pande nane, kipo njia panda karibu na nyumbani. Hiyo inasomwaje?

DerevaMstaafu
Swali lako halipo kwenye mada, dada, lakini ni zuri. SIMAMA ndiyo pekee yenye pande nane, na PISHA ndiyo pembetatu pekee yenye ncha chini. Yakawekwa hivyo ili yatambulike hata yakichafuka matope au kwa nyuma. Ukiona mgongo wa pande nane, ujue barabara ya yule mwingine ndiyo iliyoambiwa isimame. Usimwamini lakini, punguza mwendo vilevile.

FundiGia
Bibi Klachi, tuseme ameelewa kwamba apishe. Anapishaje kwa vitendo? Wengine wanasogea hadi mdomoni mwa daraja.

Bibi Klachi
Hapo ndipo pa kukaa naye. Asimame nyuma kabla barabara haijaanza kubanwa, akiegemea kushoto, aache nafasi ya lori linalotoka kujinyoosha. Akiziba mdomo, mwenye haki ya kupita hana pa kutokea, na wote wawili wanakwama.

Halafu ahesabu. Chukua daraja la mita 60. Kwa kilomita 20 kwa saa unalivuka kwa sekunde kama 11. Anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa, kwa sekunde hizo 11 anakula mita 150 na kidogo. Kwa hiyo ukimwona ng'ambo akiwa ndani ya mita 150 kutoka mdomo wake wa daraja, atafika kabla hujatoka. Subiri. Na kama unaanzia kwenye gari lililosimama, ongeza sekunde kadhaa za kuondoka. Usiku ambapo unaona taa tu na umbali haupimiki, subiri moja kwa moja.

Kobe wa Segera
Akikuwashia full lakini si amekupa njia? Huko barabarani ndivyo tunavyoelewana.

DerevaMstaafu
Mwingine anawasha full kusema "pita", mwingine kusema "naja mimi". Ni taa ile ile. Ngoja uone gari lake limesimama kweli, pua imeinama, ndipo uingie.

Nyota ya Rusumo
Jambo moja kuhusu picha zenyewe. Ukitumiwa picha ambayo mshale wa kwenda juu upo kulia, usikimbilie kujibu. Huenda kamera ya mbele ya simu imegeuza picha, kulia kukawa kushoto. Tafuta maandishi yoyote kwenye picha, hata namba ya gari. Yakisomeka kinyumenyume umepata jibu. Au picha imepigwa Rwanda, Burundi au Kongo ambako wanaendesha kulia, na huko mshale wako unakaa kulia kihalali. Juu na chini havibadiliki hata picha ikigeuzwa, na rangi pia, kwa hiyo maana inabaki ile ile.

Na mwambie apige picha nzima, nguzo mpaka chini. Wengi wanakata kibao kidogo kilicho chini ya alama, na mara nyingine hicho ndicho kinachosema amri inaanzia umbali gani au inamhusu nani.

FundiGia
Nimemwomba picha nyingine. Kumbe ukingo umepauka na jua, umebaki kama waridi, na mshale mwekundu nao karibu upotee. Ndiyo maana aliona mishale miwili ya kawaida.

Bibi Klachi
Rangi nyekundu huwa inatangulia kupauka, nyeusi inadumu. Ndiyo maana naanza na umbo. Ukiona duara na mshale mmoja mweusi, mwingine hafifu, yule hafifu ndiye mwekundu.

mama_vitz
Na kama upande wa pili ubao wa bluu umeng'olewa, yule wa kule atajuaje kwamba zamu ni yake?

DerevaMstaafu
Hatajua. Naye atasimama kukusubiri wewe. Hapo sijui wenzangu mnafanyaje. Mimi nawafundisha wabaki wamesimama mpaka mmoja aondoke kweli, ila najua kuna walimu wanaosema anayepanda mlima atangulie.