Tambi za kupima zisizo na lebo: ipi ya ngano ngumu ya durumu, ipi ya mayai, ipi ya mchele?

MamaTunu_Majengo
Habari za jioni wakuu. Nauza chakula cha mchana hapa Dodoma. Nimepata tambi za bei nzuri, ila mwenye duka kazifungua kwenye maboksi na kuzipima upya kwenye vipakiti vitupu. Ziko aina tatu. A ni spageti ndefu, njano ya kufifia. B ni njano sana, imeviringishwa mafundo mafundo. C ni nyembamba, nyeupe. Mteja wangu mmoja ana mtoto aliyekatazwa ngano na daktari, nataka nimpikie C. Nitajuaje kila moja ni ya nini?

chapati_moto
Rahisi dada. Njano sana ni mayai, njano kidogo ni durumu, nyeupe ni mchele. Mpikie tu.

Bi Salma wa Kondoa
Hizo nyembamba zikaange kwanza kwenye samli mpaka ziwe kahawia, kisha tui, sukari, iliki na zabibu. Usizidishe maji. Sikukuu kwangu hazibaki.

MamaTunu_Majengo
Asante bibi, hizo nazijua 😄 Shida yangu ni zimetengenezwa na nini.

fundi_unga
Kaka chapati, kwa A umepatia. Kwa B na C subiri kidogo.

Dada, A ivunje karibu na sikio. Ya durumu inakatika kwa mlio mkavu, ukiiweka juani inapitisha mwanga kiasi, na mara nyingi utaona vidoa vidogo vya pumba. Spageti ya ngano ya mkate huwa nyeupe na butu, na ikichemka inamwaga wanga mwingi kwenye maji na kushikana upesi. Umbo lenyewe halikuambii kitu: makaroni na spageti hutengenezwa kwa ngano yoyote, hata kwa mchele.

B ndiyo inayodanganya watu. Unjano wake unaweza kutoka kwenye kiini cha yai, kwenye rangi ya kiwandani, au kwenye magadi ambayo watengenezaji wa tambi za Kichina huchanganya kwenye unga. Loweka kidogo kwenye maji baridi ndani ya bakuli jeupe, nusu saa. Maji yakigeuka njano, shuku rangi ya kiwandani, kwa sababu rangi ya kiini cha yai na ya durumu haiyeyuki kwenye maji. Yakibaki safi, chemsha vipande vichache na ukamulie limau. Unjano ukipauka, ni magadi: ndiyo yaliyoamsha rangi iliyokuwa imejificha kwenye unga wa ngano, na asidi inairudisha mafichoni.

mpishi_wa_UDOM
Ninyi mnapima rangi, mimi huangalia dakika. Yangu ya durumu imeandikwa dakika 8, hapa haiivi mpaka 10. Au nauziwa feki?

fundi_unga
Si feki. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Onja, usitegemee saa.

chapati_moto
Sawa, B nimekubali. Lakini C nyeupe si mchele tu? Atafune mbichi. Utotoni tulitafuna ngano mpaka ikawa bazoka, mchele hauwi hivyo.

fundi_unga
Kipimo hicho kina ukweli, ila cha upande mmoja. Ikivutika mdomoni, hiyo ni ngano na habari imeisha. Isipovutika bado huwezi kuapa, kwa sababu tambi nyingi hukaushwa kwa joto kali au hupikwa kwa mvuke kiwandani, na ule mnato wa ngano unakufa hapo. Na tambi nyeupe za ngano zipo tele madukani.

Dalili nyingine: weka C kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa, funika. Nyembamba za mchele hulainika humo bila kurudi jikoni. Lakini na baadhi ya za ngano nyembamba sana hulainika hivyo hivyo, kwa hiyo usimpe mtoto kwa dalili hiyo. Hata ikiwa ya mchele kweli, imepimwa kwa kikombe kilekile cha ngano.

MamaTunu_Majengo
Nimejaribu sasa hivi. A imekatika vizuri, ina vidoa. B maji yamebaki meupe, limau limeipausha karibu yote, kwa hiyo nimelipia mayai ambayo huenda hayamo. C imelainika kwenye maji ya moto, kuitafuna haikuvutika.

fundi_unga
B inaweza kuwa na magadi na yai kidogo pia, nyumbani hatuna njia ya kujua. Mwenye mzio wa yai naye mwambie hivyo. C muulize mwenye duka kama boksi bado lipo.

MamaTunu_Majengo
Boksi keshalichoma. C naipika kwa wateja wengine, ya mtoto nanunua pakiti iliyofungwa.

Bi Salma wa Kondoa
Kama C ni za mchele usizikaange kwa samli, zitakatikakatika.